Kiungo cha nywila kisichofika: kisa cha chama cha akiba na mikopo Kisumu

Mazingira ya kisa

Chama kinachozungumziwa hapa ni cha akiba na mikopo. Ofisi yake kuu iko Kisumu mjini, na wanachama wametapakaa kuanzia Ahero na Awasi hadi Maseno na Bondo. Wengi ni walimu. Waliobaki ni wastaafu na wafanyabiashara wadogo. Jina la chama, majina ya watu na anwani halisi za seva nimeyaondoa. Mahali pa kikoa chao nimeweka `chama.example`. Mfuatano wa mambo ni ule ule uliotokea.

Chama kina tovuti ambayo mwanachama huingia kuangalia akiba yake, salio la mkopo na makato ya mwezi. Zamani tovuti hiyo na barua pepe za ofisi vilikaa mahali pamoja, kwa kampuni moja ya kuhifadhi tovuti. Mishahara ilipoingia kila mwisho wa mwezi, tovuti ilielemewa, kwa hiyo kamati ikakubali ihamishiwe kwenye seva ya kukodi ambayo chama hakigawani na mtu. Barua pepe za ofisi ziliachwa kwa kampuni ile ya zamani, kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi vizuri na hakuna aliyetaka kuzigusa.

Fundi wa tovuti alipohamisha, alihamisha pia usimamizi wa DNS, yaani zile rekodi zinazouambia ulimwengu kikoa kiko wapi na barua zake zipelekwe wapi. Alinakili anwani ya tovuti, rekodi ya MX inayoelekeza barua zinazoingia, na rekodi moja ya maandishi aliyoiona. Kilichoachwa nyuma hakikuonekana siku hiyo, kwa kuwa tovuti ilifunguka na barua za ofisi ziliendelea kwenda na kurudi.

Malalamiko yalivyoanza

Wanachama waliosahau nywila walibonyeza kitufe cha kuomba mpya. Ukurasa ukawajibu kwamba kama anwani hiyo imesajiliwa, kiungo kimetumwa. Hakikufika. Walijaribu tena, wakasubiri, wakapiga simu. Mwalimu mmoja mstaafu alipanda matatu kutoka Ahero, akafika dirishani na simu yake mkononi, akamwonyesha karani sanduku lake la Gmail. "Dada, angalia mwenyewe. Hapa hakuna, na kwenye Spam hakuna. Mimi nimeambiwa imetumwa, imetumwa wapi?"

Hilo la folda ya Spam lina uzito kuliko linavyoonekana. Barua ikiwa imepelekwa kwenye Spam, maana yake seva ya mpokeaji iliipokea kisha ikaitilia shaka. Barua isipokuwepo popote, kuna uwezekano mkubwa ilikataliwa mlangoni, au haikuondoka kabisa kwa mtumaji. Hayo ni matatizo tofauti, na kumwambia mtu aendelee kupekua Spam ni kumpotezea muda.

Karani, kwa nia njema, akaanza kubadilisha nywila za watu kwa mkono. Mtu akipiga simu na kutaja namba yake ya uanachama, anawekewa nywila ya muda, na nywila hiyo ilikuwa moja kwa wote. Ndipo mwenyekiti aliponiita. Alisema wazi kwamba barua kutofika kunamkera, lakini kinachomnyima usingizi ni kwamba yeyote anayejua namba ya uanachama ya jirani yake angeweza kuingia kwenye akiba yake.

Kabla sijafika, fundi alikuwa amefanya mambo mawili. La kwanza, aliomba kiungo kwa anwani ya ofisi ya karani, hakikufika, akahitimisha kwamba seva mpya haitumi barua hata moja. La pili, alisoma mahali kwamba seva inayotuma inafaa itajwe kwenye rekodi ya SPF, akaongeza rekodi hiyo. Kesho yake barua za kawaida za ofisi, zile zilizokuwa zinafika siku zote, nazo zikaanza kurudishwa na Gmail.

Kilichopatikana kwenye kumbukumbu za seva

Nilianza kwa kuuliza ni nani hasa hapati. Majibu yalikuwa ya makundi matatu. Wenye Gmail hawakupata. Wafanyakazi wenye anwani za chama hawakupata. Ila walimu wachache waliosajiliwa kwa anwani za shule zao walipata bila shida. Kwa hiyo seva ilikuwa inatuma, na dhana ya kwanza ya fundi ikaanguka hapo hapo.

Seva ilitumia Postfix, programu ya kutuma na kupokea barua pepe, na kumbukumbu zake huwa kwenye `/var/log/mail.log`. Nimefupisha mistari ibaki na yale yenye maana:

```
from=<www-data@chama.example>
to=<...@gmail.com>, relay=gmail-smtp-in.l.google.com,
  dsn=5.7.26, status=bounced
to=<karani@chama.example>, relay=local,
  dsn=5.1.1, status=bounced (unknown user: "karani")
```

Mistari hii inaonyesha kwamba lalamiko moja lilikuwa na vyanzo viwili visivyohusiana. Barua ya Gmail ilifika hadi mlangoni kwa Google ikakataliwa. Msimbo 5.7.26 ni wa barua ambayo mtumaji wake hakuthibitika. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma kwa Gmail apite angalau ukaguzi mmoja kati ya SPF na DKIM, yaani sahihi inayotiwa kwenye barua, hata kama anatuma barua chache. Wanaotuma 5,000 au zaidi kwa siku wanadaiwa vyote viwili pamoja na DMARC, rekodi inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika.

Barua ya karani haikutoka hata nje ya mashine. Neno `relay=local` ndilo la kutazama. Postfix iliamini kwamba barua zote za `chama.example` ni zake, zinakaa humo humo kwenye seva, ikamtafuta mtumiaji anayeitwa karani, ikamkosa. Sanduku la kweli la karani liko kwa kampuni ya zamani, na rekodi ya MX inasema hivyo, lakini Postfix haiulizi MX ya kikoa inachokihesabu kuwa chake. Niliuliza orodha hiyo inasemaje:

```
$ postconf mydestination
mydestination = $myhostname, chama.example, localhost
```

Chanzo chake ni cha kawaida sana. Postfix inaposakinishwa kwenye Debian au Ubuntu, huuliza jina la mfumo wa barua. Mtu huandika kikoa chake, kwa sababu ndilo jibu linaloonekana sahihi, na jina hilo huingizwa kwenye `mydestination`. Kwa anayetunza masanduku yake kwenye seva hiyo hiyo ni sawa. Kwa mwenye masanduku kwingine, barua zote za wenzake wa ofisi humezwa.

Kosa hilo pia lilieleza kwa nini hakuna aliyeona onyo lolote. Barua inapokataliwa, taarifa ya kukataliwa hurudi kwa anwani ya mtumaji iliyoandikwa kwenye bahasha, yaani ile ambayo seva huambiana zinapokabidhiana barua, siyo ile msomaji anayoiona juu ya barua. Msomaji angeona `nywila@chama.example`, lakini bahasha ilikuwa na `www-data@chama.example`, jina la mtumiaji anayeendesha tovuti. Na kwa kuwa Postfix ilikiona kikoa hicho kuwa chake, taarifa zote ziliangukia kwenye faili `/var/mail/www-data`. Nilipolifungua lilikuwa limejaa mamia ya barua za Google, kila moja ikieleza kwa ufasaha kwa nini kiungo kimekataliwa. Hakuna mtu aliyewahi kujua kwamba faili hilo lipo.

Rekodi za kikoa

Kisha nikatazama DNS, kuanzia na SPF, ambayo ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa:

```
$ dig +short TXT chama.example
"v=spf1 ip4:198.51.100.7 include:spf.kampuni.example -all"
"v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all"
```

Mstari wa kwanza ndio wa zamani, unaitaja kampuni ya barua za ofisi. Wa pili ndio alioongeza fundi kwa ajili ya seva mpya. Kila mmoja ukisomwa peke yake hauna kasoro. Tatizo ni kwamba kikoa kinaruhusiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, kanuni inamtaka anayekagua atoe jibu la `permerror`, yaani rekodi imeharibika, bila kuchagua ipi ni nzuri. Kwa hiyo seva mpya haikupata ruhusa, na barua za ofisi zikapoteza ruhusa ziliyokuwa nayo.

Bado palikuwa na swali. Hata SPF ikiharibika, barua za ofisi zingeokolewa na DKIM, ile sahihi ambayo seva inayotuma huitia kila barua na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo uliowekwa kwenye DNS. Kampuni ya zamani ilikuwa inatia sahihi, na kwenye ukurasa wake wa usimamizi palikuwa na alama ya kijani kwamba ufunguo upo. Nikauliza kwa nje:

```
$ dig +short TXT default._domainkey.chama.example
$
```

Hakuna kitu. Ufunguo ulikuwepo kwenye DNS ya kampuni ya zamani, lakini kikoa kilikuwa hakiulizwi tena huko. Hii ndiyo rekodi iliyoachwa nyuma siku ya kuhama. Tangu siku hiyo barua za ofisi zilikuwa zinasimama kwa mguu mmoja wa SPF, na rekodi ya pili ilipoongezwa, mguu huo ukakatwa.

Maamuzi na sababu zake

Palikuwa na njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuiacha seva mpya itume moja kwa moja kwa wapokeaji. Hiyo ingehitaji kuiunganisha kwenye rekodi moja ya SPF, kuiwekea DKIM yake, na kuhakikisha kila anwani ya IP ina rekodi ya PTR inayorudi kwenye jina la seva. Kumbukumbu zilionyesha seva ikitumia IPv4 mara hii na IPv6 mara nyingine, kwa hiyo kazi hiyo ingekuwa ya anwani mbili. Na baada ya hapo mtu angehitajika kuangalia sifa ya anwani hizo mwezi baada ya mwezi. Chama hakina mtu wa namna hiyo.

Njia ya pili ni seva mpya kumkabidhi barua zake yule yule anayetuma za ofisi, kwa kuingia na akaunti kupitia mlango 587. Kampuni hiyo tayari imo kwenye SPF ya zamani na tayari inatia sahihi ya DKIM. Wasiwasi ulikuwa kikomo chake cha barua 300 kwa saa. Tulihesabu kwenye kumbukumbu: hata saa yenye pilikapilika zaidi mwisho wa mwezi, maombi ya nywila hayakufika 100. Tukachagua njia hii, na bado naiona ndiyo inayofaa kwa shirika dogo ambalo tayari linalipia barua pepe mahali fulani.

Mabadiliko kwenye Postfix yalikuwa machache:

```
mydestination = localhost
relayhost = [mail.kampuni.example]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Barua ya kwanza ya majaribio ilikwama kwa ujumbe kwamba hakuna njia ya kuthibitisha akaunti. Kwenye Debian na Ubuntu hilo huwa ni kifurushi cha `libsasl2-modules` kutokuwepo. Tukakisakinisha, barua ikapita.

Kwenye tovuti tulibadilisha anwani ya bahasha iwe `nywila@chama.example`, sanduku la kweli ambalo karani hulifungua kila asubuhi. Kampuni nyingi za barua hukataa akaunti moja itumie anwani ya akaunti nyingine, kwa hiyo akaunti iliyotumika kuingia ilikuwa ni hiyo hiyo.

Kwenye DNS tulifuta rekodi ya pili ya SPF na kurudisha ufunguo wa DKIM. Ufunguo huo una biti 2048 na hauenei kwenye kipande kimoja cha maandishi, ambacho mwisho wake ni herufi 255, kwa hiyo uligawanywa vipande viwili ndani ya rekodi moja. Mwisho tukaongeza DMARC kwa kiwango cha kutazama tu:

```
_dmarc.chama.example. TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@chama.example"
```

Mwenyekiti aliuliza kwa nini tusiweke kiwango kikali siku hiyo hiyo. Nilimwambia kwamba hatujui bado ni nani mwingine anatuma kwa jina la chama, na kiwango kikali kingemkata mtu huyo bila kumuuliza.

Uamuzi wa mwisho ulihusu barua zilizokuwa bado kwenye foleni, zile ambazo wapokeaji walisema zijaribiwe baadaye. Postfix hushikilia barua kama hiyo hadi siku 5, ilhali kiungo cha nywila kwenye tovuti hii huisha baada ya dakika 60. Kuziachilia kungewapelekea watu viungo vilivyokufa, nao wangerudi dirishani. Tulizifuta baada ya kuhakikisha kwamba foleni haina kitu kingine.

Matokeo

Majaribio kwa anwani ya Gmail yalipita, na kwenye barua yenyewe, ukichagua kuona chanzo chake, palisomeka hivi:

```
dkim=pass header.i=@chama.example
spf=pass smtp.mailfrom=nywila@chama.example
dmarc=pass (p=NONE) header.from=chama.example
```

Karani naye akapata yake kwenye sanduku la ofisi. Kwa wanachama wengine mambo hayakutulia papo hapo. Rekodi ya SPF ilikuwa na muda wa kuhifadhiwa wa sekunde 14400, yaani saa 4, na seva zilizokuwa zimeshaisoma ile mbovu ziliendelea kuitumia hadi muda huo ukaisha. Jioni kukawa kimya kwenye simu.

Nywila ile moja ya muda ilifutwa kwa wote waliokuwa bado nayo, wakalazimika kuomba kiungo upya. Lilikuwa sharti la mwenyekiti na alikuwa na haki.

Ripoti za DMARC zilianza kuingia, kila moja ikitaja anwani za IP zilizotuma kwa jina la chama. Ndani ya ripoti hizo tukaiona seva ambayo hakuna aliyeitaja: programu ya mikopo katika tawi moja ilikuwa ikituma risiti kwa anwani ya chama kupitia kwingine kabisa. Ikaelekezwa nayo kwenye mlango 587. Baada ya wiki kadhaa za ripoti safi, kiwango kikapandishwa kuwa `p=quarantine`, kinachotaka barua isiyothibitika itiliwe shaka.

Uchambuzi

Swali la nani hapati ndilo lililookoa muda mwingi zaidi. Kosa la jaribio la fundi lilikuwa kutumia anwani ya ofisi, anwani pekee ambayo ilikuwa na ugonjwa wake tofauti. Lingekuwa jaribio la maana kama lingefanywa pamoja na Gmail na anwani ya tatu, kisha majibu yakalinganishwa. Anwani ya kikoa chako mwenyewe huthibitisha jambo moja tu, kwamba seva yako inajua masanduku yako yako wapi.

Ujumbe wa tovuti uliowaambia watu kwamba kiungo kimetumwa ulilaumiwa sana kwenye kikao, na kuna aliyependekeza ubadilishwe useme kama anwani imesajiliwa au la. Nilipinga. Ujumbe huo umeandikwa hivyo kwa makusudi, ili mtu wa nje asiweze kupima ni nani mwanachama. Kilichokosekana ni upande wa ndani: tovuti ilihesabu barua kuwa imetumwa pale tu Postfix ilipoipokea mkononi, ambayo ni hatua ya kwanza ya safari. Aliyehitaji kuambiwa ukweli ni msimamizi, na ukweli ulikuwa kwenye faili la `www-data`.

Rekodi ya pili ya SPF nisingependa fundi abebeshwe peke yake. Kurasa za DNS humruhusu mtu kuongeza rekodi za maandishi nyingi atakavyo bila kumwonya, na maelekezo mengi husema ongeza rekodi hii bila kusema angalia kwanza kama kuna nyingine. Dalili ya kuitambua ni hii: mabadiliko ya kuisaidia seva moja yanapoangusha barua za seva nyingine iliyokuwa nzima, hesabu mistari inayoanza na `v=spf1`.

Kuhusu kuhama kwa DNS, njia iliyo salama ni kuomba faili zima la rekodi kutoka kwa kampuni ya zamani. Rekodi za DKIM hukaa chini ya jina la ndani kama `default._domainkey`, na mtu asiyejua jina hilo hawezi kuiona kwa kuuliza kikoa chenyewe. Alama ya kijani kwenye ukurasa wa kampuni haikuwa ya uongo, ila ilizungumzia DNS ambayo hakuna anayeiuliza tena. Amri ya `dig +short NS chama.example` ingeonyesha hilo kwa sekunde moja.

Kuna sehemu ambayo kazi hii haikuitibu. Taarifa za kukataliwa zilipoanza kumfikia karani, aliona kwamba baadhi ya viungo bado vinarudi, safari hii kwa msimbo wa anwani isiyokuwepo. Alipolinganisha na fomu za karatasi, anwani zilikuwa zimeandikwa `gmial.com` au herufi moja imeruka siku ya usajili. Hizo anazirekebisha moja moja, mwanachama akiwa mbele yake na kitambulisho mkononi, kwa kuwa kubadilisha anwani ya barua pepe kwa simu kungerudisha mlango ule ule uliofungwa na mwenyekiti.